Ulinunua ama Ulikodi? Hiki Ndicho Kinabaki kwa Simu Yako Ukiacha Kulipa Audible, Kindle na Netflix

Umeacha kulipa. Pengine mwezi ulikuwa mbaya, pengine kadi ilikosa pesa, ama umechoka tu kukatwa dola kila tarehe ile ile. Wiki moja baadaye uko kwa matatu, jam ya Thika Road haisongi, unafungua apu umalizie kile kitabu ulikuwa nacho nusu. Kiko pale, kava unaiona, jina unalisoma. Unakibonyeza, hakichezi. Apu inakuambia ujiunge tena.

Swali la kwanza ambalo kila msee huuliza hapo ni, "Si nilikuwa nimelipia?" Jibu ni ndio, ulilipia kitu. Shida ni kwamba ndani ya apu moja vitu vya aina tofauti vinakaa kwa rafu moja, kava zinafanana, na hakuna mtu alikuambia mapema kipi ni cha kukaa na kipi ni cha kupita. Kwa hivyo kabla hujaanza kutukana mtu huko Twitter, jua kwanza kila kitabu ama muvi iliingiaje kwa akaunti yako. Mlango iliyoingilia ndio unaamua kama itatoka.

Tutumie Audible kama mfano mkubwa, ju hapo ndipo wasee wengi huumia. Ina milango yote kwa apu moja.

Milango mitatu ya Audible

Audible ni duka la vitabu vya kusikiliza, mali ya Amazon. Mpango wake unaojulikana sana, Premium Plus, huuzwa Marekani kwa dola 14.95 kwa mwezi. Tukichukua dola moja kuwa bob 129, hiyo ni kama bob 1,930. Ukilipa unapata vitu viwili kwa mpigo, na hapa ndipo mkanganyiko huanzia.

Kitu cha kwanza ni `credit` moja kila mwezi. Sisi tuite kredo, na jina linafaa kabisa, kwa sababu inafanya kazi kama kredo ya simu: ni thamani uliyonunua lakini bado hujaitumia. Kredo moja inanunua kitabu kimoja, kiwe cha dola 10 ama cha dola 40. Ukishatumia kredo kwa kitabu, kitabu hicho kinahesabiwa kuwa umekinunua. Ukiacha uanachama, kinabaki kwa akaunti yako na kinaendelea kucheza.

Kitu cha pili ni ruhusa ya kuingia kwa `Plus Catalog`. Hii ni stoo kubwa ya vitabu, podikasti na vipindi ambavyo unasikiliza bila kutumia kredo. Unabonyeza, kinaingia kwa `Library` yako, unakidaunlodi, unasikiliza. Hapo umekodi tu. Siku uanachama unaisha, hivyo vyote vinafungwa, hata kama faili iko ndani ya simu yako. Na si lazima uache ndio vitoke. Vitabu vya stoo hii huingia na kutoka vyenyewe kulingana na mikataba, kwa hivyo unaweza kukosa kimoja na bado unalipa vizuri.

Mlango wa tatu ni kununua kwa pesa taslimu, bila kredo. Audible huwa na siku za ofa ambapo kitabu kinashuka hadi dola chache. Ukinunua hivyo, ni sawa na kilichonunuliwa kwa kredo: kinabaki.

Kuna mtego mwingine mpya kidogo. Katika nchi zingine Audible wanauza mpango wa bei ya chini unaoitwa Standard. Huo pia unakupa kitabu kimoja kila mwezi, na ukiangalia haraka utadhani ni ile ile. Sivyo. Kitabu unachochagua kwa mpango huo unakaa nacho mradi bado unalipa. Ukiacha, kinaenda. Kwa hivyo usiangalie tu maneno ya kitabu kimoja kwa mwezi. Soma kama wanasema ni chako cha kuweka, ama ni cha kusikiliza ukiwa mwanachama.

Tupige hesabu

Tuseme ulijiunga Januari na umelipa mpaka Agosti. Hiyo ni miezi 8, dola 119.60, kama bob 15,428. Umepokea kredo 8. Umetumia 5 kununua vitabu 5, na kredo 3 zimekaa tu, ju kila mwezi ulikuwa unasema utachagua kitu wikendi. Katikati ya mwaka kulikuwa na ofa, ukanunua kitabu kimoja kwa dola 7. Na kwa sababu ya stoo ya bure, umejaza vitabu 9 vya `Plus Catalog`. Ukifungua apu unaona vitabu 15. Unajisikia tajiri.

Sasa unaacha uanachama bila kufikiria. Vile 9 vya stoo vinafungwa. Zile kredo 3 zinapotea, na hakuna wa kukurudishia. Kwa bei uliyolipa, kredo 3 ni dola 44.85, karibu bob 5,786 zimeenda na upepo. Unabaki na vitabu 6: vitano vya kredo na kimoja cha ofa. Ukigawa pesa zote ulizotoa kwa vitabu 6, kila kimoja kimekugharimu kama bob 2,720.

Rudisha mkanda nyuma dakika kumi. Hujabonyeza kitufe cha kuacha. Unaingia kwanza kwa tovuti, unatumia zile kredo 3 kununua vitabu 3. Sasa hivi una 9 vinavyobaki, na kila kimoja kimekugharimu kama bob 1,815. Hujatoa hata shilingi ya ziada. Tofauti ni mpangilio tu.

Na kama kuna kitabu cha stoo ulikuwa umefika nusu na kimekushika, hicho ndicho cha kwanza cha kutumia kredo. Vingi vya `Plus Catalog` vinauzwa pia kama vitabu vya kawaida. Fungua ukurasa wake, tafuta chaguo la kununua, ulipe kredo moja. Kimehama kutoka kwa vya kukodi kwenda kwa vya kununua, na mahali ulikuwa umefika hapapotei.

Kredo pia zina tarehe ya kufa hata ukiendelea kulipa. Kila moja inaishi miezi 12 tangu uipokee. Ukiingia kwa tovuti ya Audible kwenye `Account Details` utaona una ngapi na zinaisha lini. Pale pale kuna `Purchase History`. Hiyo ndiyo karatasi yako ya ukweli. Apu inaweza kuchanganya kava zote pamoja, lakini historia ya manunuzi inaonyesha wapi ulitoa kredo ama pesa. Piga skrinshoti ama uihifadhi kwa kompyuta. Kitabu ambacho hakina kredo wala bei mbele yake, usikihesabu.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu kuacha. Kufuta apu si kuacha. Wasee wengi wamefuta apu wakadhani wamemaliza, kumbe pesa inaendelea kukatwa. Ulipojiungia ndipo unapoachia: kama ulijiunga kwa tovuti, acha kwa tovuti, kama ulijiunga kupitia Apple ama Google Play, nenda kwa mipangilio ya malipo ya huko. La pili, ukianza safari ya kuaga, mara nyingi utaletewa ofa ya kukubembeleza, kama bei ya chini kwa miezi michache ama kusimamisha malipo kwa muda. Kama shida yako ni mwezi mmoja wa kusota, kusimamisha ni afadhali kuliko kuacha.

Na wewe unayelipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, kumbuka kwamba pesa inakatwa moja kwa moja kutoka kwa M-Pesa. Siku ya malipo ikifika na hakuna kitu, malipo yanakataliwa, na uanachama unaweza kufika mwisho bila wewe kuamua. Hiyo ndiyo njia mbaya zaidi ya kutoka, ju hupati hata zile dakika kumi za kutumia kredo. Kama unaona mwezi unakaza, tumia kredo mapema.

Kindle, Netflix na wengine kwa kifupi

Kanuni ni ile ile. Kindle Unlimited ni maktaba ya kukodi: unaweza kushika hadi vitabu 20 kwa wakati mmoja, na ukiacha kulipa vyote vinarudi kwa mwenyewe. Kitabu ulichonunua kivyake kwa duka la Kindle hakihusiani na uanachama wowote. Kinabaki. Njia ya kujua ni kuingia Amazon kwa ukurasa wa `Manage Your Content and Devices`. Kitabu chenye chaguo la kurudisha, `Return this book`, ni cha kukodi.

Netflix hakuna la kuzungumza sana. Hakuna kitu unanunua pale. Muvi ulizodaunlodi ili uangalie bila bando ni nakala za muda zilizofungwa, na ukiacha kulipa zinakufa. Zingine hufa saa 48 tu baada ya kuanza kuziangalia, hata ukiwa unalipa.

Prime Video ndiyo inachanganya watu, ju ina vyote. Kuna muvi zinazokuja na uanachama wa Prime, hizo zinaenda ukiacha. Kuna za kukodi moja moja: kwa kawaida una siku 30 za kuanza na saa 48 za kumaliza. Halafu kuna za kununua, ambazo zinabaki kwa akaunti hata kama hulipi Prime tena.

Sasa, hicho kilichobaki ni chako?

Hapa ndipo story inakuwa noma. Nimesema mara kadhaa kwamba kitabu ulichonunua kinabaki. Sijasema ni chako.

Enda pale mjini kwa inama bookshop, zile za vitabu vimetandazwa chini kwa lami. Ukinunua riwaya ya bob 200, unaweza kuisoma, kumpa dadako, kuiuza kesho kwa bob 100, ama kuiwachia watoto wako. Aliyekuuzia hana ufunguo wa keja yako. Mwandishi hawezi kuja kuichukua. Hiyo ndiyo kumiliki.

Kitabu cha Kindle hakiko hivyo. Masharti ya duka la Kindle yanasema wazi kwamba unachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kusoma, na kwamba kitabu chenyewe hakijauzwa kwako. Huwezi kukiuza tena. Mwaka 2019 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Tom Kabinet kwamba hata kuuza vitabu vya kidijitali vilivyotumika kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya rufaa huko New York ilikuwa imeamua karibu sawa kuhusu nyimbo, kwa kesi ya kampuni iliyoitwa ReDigi.

Unaweza kusema hayo ni maneno ya mawakili tu, nani atakuja kuchukua kitabu kwa simu yangu? Ishafanyika. Julai 2009, Amazon waliingia kwa Kindle za wateja wao na kufuta vitabu viwili vya George Orwell. Vilikuwa vimewekwa dukani na mtu ambaye hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa pesa, lakini waliamka asubuhi kitabu hakipo. Na moja ya vitabu hivyo ilikuwa *1984*, riwaya ambayo ndani yake serikali inafuta maandishi. Ukiandika hiyo kwa filamu watu watasema umezidisha. Mwanafunzi mmoja alipoteza hata alama na maelezo aliyokuwa ameandika kwa ajili ya shule, akaenda mahakamani. Jeff Bezos mwenyewe aliomba radhi hadharani.

Hapo ni kitabu kimoja ama viwili. Mwaka 2019 duka zima lilifungwa. Microsoft walitangaza Aprili kwamba wanaacha kuuza vitabu, na Julai vitabu vyote walivyokuwa wameuza vikaacha kufunguka. Hata vile vya kununua, hata ulivyolipia miaka miwili nyuma. Kwa nini? Kwa sababu kila kitabu kilikuwa na kufuli ya kidijitali, na kufuli hiyo ilihitaji kupiga simu kwa kompyuta za Microsoft kuuliza kama una ruhusa. Kompyuta zikizimwa, hakuna wa kujibu, kufuli haifunguki. Lazima tuwape haki yao: walirudisha pesa zote, na walioandika maelezo ndani ya vitabu waliongezewa dola 25. Lakini vitabu vilienda.

Na muvi? Mwaka 2022 Sony waliwaandikia watumiaji wa PlayStation huko Ujerumani na Austria kwamba filamu za StudioCanal walizokuwa wamenunua zingeondolewa Agosti 31. Ujerumani peke yake ilikuwa orodha ya filamu 314. Sababu ilikuwa mkataba kati ya Sony na mwenye filamu. Desemba 2023 wakajaribu tena na vipindi vya Discovery, zaidi ya misimu 1,300. Safari hii kelele zilikuwa kubwa, na kabla mwaka haujaisha wakarudi nyuma wakasema vitabaki kwa angalau miezi 30. Soma hapo tena. Miezi 30. Mtu alinunua, sasa anahesabiwa miezi kama mpangaji aliyepewa notisi.

Jimbo la California liliona mchezo huu likatunga sheria. Sheria hiyo, AB 2426, ilianza Januari 1, 2025. Inasema duka la kidijitali haliwezi kutumia neno nunua bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Haikulazimisha duka likuuzie kitu halisi. Imelazimisha tu waseme ukweli. Haigusi huduma za kulipia kila mwezi, na haigusi kitu ambacho unaweza kukidaunlodi ukakaa nacho milele bila duka kukiondoa. Huo msamaha wa mwisho ni muhimu, ju unatuonyesha mstari uko wapi.

Kipimo cha flashi

Mstari uko kwa faili. Kama unaweza kupata faili isiyo na kufuli, ikae kwa kifaa chako, ifunguke bila kuuliza mtu, basi duka likifungwa, ukifungiwa akaunti, ukiacha kulipa, haikuhusu.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakidanganyi. Chukua faili, iweke kwa flashi ama memori kadi. Ipeleke kwa kompyuta ama simu ya beshte ambaye hajaingia kwa akaunti yako. Zima data na Wi-Fi. Ifungue kwa apu ya kawaida, kama VLC kwa sauti na muvi, ama msomaji wowote wa vitabu. Ikifunguka mpaka mwisho, unayo. Ikiomba uingie kwa akaunti, una ruhusa tu.

Jina la mwisho la faili linakupa dokezo kabla hata ya kipimo. Faili za `.mp3`, `.m4b` na `.pdf` mara nyingi huwa huru. `.aax` ni ya Audible na iko na kufuli. `.azw` na `.kfx` ni za Kindle, na kwa kawaida zina kufuli. `.acsm` si kitabu hata kidogo, ni tikiti ndogo tu ambayo programu ya Adobe Digital Editions inaipeleka kwa duka ndio ipewe kitabu kilichofungwa. `.epub` inaweza kuwa huru ama kufungwa, kwa hivyo hiyo lazima uipime.

Google Play Books ina njia nzuri ya kujua bila kubahatisha. Fungua tovuti yake kwa kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu kando ya kitabu, uchague `Export`. Kikitoka kama EPUB ama PDF ya kawaida, kihifadhi leo leo. Kikitoka kama ACSM, mwenye kitabu ameweka kufuli.

Kwa Kindle mlango ulizidi kufungwa. Zamani ungeweza kudaunlodi kitabu ulichonunua kwa kompyuta halafu ukihamishe kwa waya wa USB. Amazon waliondoa kitufe hicho Februari 26, 2025. Siku za mwisho wasee walikuwa wanakesha wakipakua maktaba zao, kitabu kimoja baada ya kingine.

Je, kuvunja kufuli? Programu za kufanya hivyo ziko na wengi wanazijua. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kuvunja kinga za aina hiyo, na Marekani ni hivyo hivyo, hata kama ulilipia kitabu. Inakera, lakini usiseme hukuambiwa. Afadhali ununue mahali ambapo kufuli haikuwekwa toka mwanzo.

Mahali hapo papo. Kwa vitabu vya kusikiliza, Libro.fm wanauza faili za MP3 bila kufuli: unadaunlodi, unaweka kwa flashi, umemaliza nao. LibriVox wana vitabu vya zamani vilivyosomwa na watu wa kujitolea, bure. Kwa vitabu vya kusoma, Project Gutenberg ni bure na huru, na Tor Books, wachapishaji wa hadithi za sayansi na majini, wameuza bila kufuli tangu 2012, hata kupitia maduka makubwa. Kwa muvi hali ni mbaya. Studio kubwa za Hollywood haziuzi faili huru. Kama kuna filamu ambayo lazima iwe yako, DVD ama Blu-ray bado ndiyo jibu, hata kama kupata mashine ya kuichezea sasa ni kazi ya kuzunguka Luthuli.

Nafasi isikutishe. Kitabu cha saa 10 kwa ubora wa kbps 64, ambao ni sauti nzuri kabisa ya mtu kusoma, ni kama MB 288. Flashi ya GB 32 inabeba karibu 100. Weka nakala mbili, moja kwa kompyuta na moja kwa flashi, ju flashi nazo hufa bila notisi. Na faili kuwa huru haimaanishi uimwage kwa Telegram. Hiyo ni kesi nyingine.

Kwa vile vilivyofungwa, linda akaunti

Vitabu vyako vingi vitabaki ndani ya kufuli, hata ukiwa mjanja vipi. Hapo ulicho nacho hasa ni akaunti, na hiyo hupotea kwa njia za kijinga kuliko duka kufungwa.

Ya kwanza ni laini ya simu. Ulifungua akaunti miaka sita nyuma kwa laini ambayo sasa imelala kwa droo. Laini isiyotumika kwa muda hurudi kwa kampuni na hupewa mtu mwingine. Siku ukitaka kuingia kwa simu mpya, namba ya uthibitisho inatumwa kwa laini hiyo, na inapokewa na mtu humjui. Ingia leo, badilisha namba, na uongeze apu ya uthibitisho ili usitegemee meseji pekee.

Ya pili ni imeli ya kazi ama ya chuo. Ukifutwa ama ukimaliza masomo, imeli inafungwa, na paswadi huwezi kuibadilisha tena. Hamisha akaunti kwa imeli yako binafsi wakati bado unaingia.

Ya tatu inauma. Mlikuwa wawili, akaunti ni moja, imeli ni ya yule mwingine. Vitabu ulichagua wewe, M-Pesa iliyokatwa ni yako. Mkiachana, duka linamtambua mwenye akaunti tu, na hakuna kitufe cha kuhamisha kitabu kimoja kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Kama kwa sasa mnatumia moja na mnapendana bado, kila mtu afungue yake, na vile unavyotaka kukaa navyo uvinunue kwa yako.

Vile ulivyonunua kwa akaunti inayofunguka, vidaunlodi kwa simu ama kifaa chako na uviache hapo. Audible wenyewe huwashauri wateja kufanya hivyo, ju mwenye haki anaweza kuondoa kitabu dukani, na nakala iliyo tayari ndani ya kifaa ndiyo huwa ya mwisho kuondoka. Ukibadilisha simu, hakikisha vyote vimefika kwa mpya kabla hujauza ile ya zamani.